Dawa za usafi wa nyumba: ipi kwa sehemu ipi, na zipi zisikutane kamwe

Ukianza kazi katika nyumba mpya, mapema utaonyeshwa kabati lenye chupa za dawa. Kuna ya choo, ya vioo, ya sakafu, ya nguo nyeupe, na pengine moja au mbili ambazo hata mwenye nyumba hakumbuki alizinunua za nini. Mara nyingi utaelekezwa kwa rangi: ya bluu ni ya choo, ya kijani ni ya sakafu. Maelekezo hayo hayatoshi. Rangi ni ya kupendezesha tu, na chupa mbili za bluu zinaweza kubeba dawa ambazo zikikutana hutoa hewa ya sumu. Kwa hiyo tuanze na kilichomo ndani ya chupa, twende kwenye sehemu inayosafishwa, kisha tukae kwa kirefu bafuni na chooni, kwa kuwa huko dawa mbili zisizopatana huhitajika zote.

Zijue chupa kabla ya kuzifungua

Siku ya kwanza toa chupa zote kabatini, zipange sakafuni, usome lebo moja baada ya nyingine. Usifungue wala kunusa. Unachotafuta ni kundi la dawa, kwa sababu ukijua kundi utajua inafaa wapi na inagombana na nini.

Kundi la kwanza ni sabuni za kawaida: ya vyombo, ya maji ya kupigia deki, ya kuogea. Hizi ni pole. Zinaondoa mafuta, vumbi na uchafu wa mikono, na kwa kazi nyingi za kila siku zinatosha kabisa. Mtu akiniuliza aanze na dawa gani kwenye uchafu asioujua, jibu langu ni sabuni ya vyombo kidogo katika maji ya uvuguvugu. Ikishindwa, ndipo afikirie nyingine.

Kundi la pili ni asidi. Humo mna siki, maji ya limau, asidi ya sitriki, dawa za kuondoa chumvi ya maji kwenye birika na mabomba, na dawa nyingi za choo. Asidi ya dawa ya choo mara nyingi ni asidi hidrokloriki, HCl, ambayo ni kali kuliko siki kwa mbali sana. Kazi ya asidi ni kuyeyusha ukoko mgumu unaoachwa na maji ya chumvi, ukoko wa mkojo na madoa ya kutu. Kwa mafuta haisaidii sana.

Kundi la tatu ni klorini, yaani ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe, wengine huiita blichi. Kwenye lebo huandikwa haipokloraiti ya sodiamu, NaOCl, na za nyumbani kwa kawaida zina asilimia 3 hadi 6. Klorini inaua vijidudu na ukungu na inafuta rangi ya madoa. Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba haiyeyushi ukoko wa choo. Inaufanya uwe mweupe tu, nao ukoko unabaki palepale. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kundi la nne nimeweka pamoja dawa kali zilizobaki. Kuna za kuzibua mabomba na za kusafisha oveni, ambazo nyingi zina kostiki soda, NaOH. Hizi hula mafuta yaliyoganda, na zinakula ngozi pia. Kuna dawa za vioo zenye amonia. Kuna spiriti. Kila moja ina kazi yake finyu, na haitakiwi kutoka nje ya kazi hiyo.

Tazama pia alama zilizochapwa kwenye lebo. Ukiona mchoro wa kimiminika kinachodondokea mkono na kipande cha chuma, dawa hiyo inaunguza: vaa glavu, na usiimimine ukiwa umeinamisha uso juu yake. Chupa isiyo na lebo, au chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa, iweke kando na umwambie mwenye nyumba kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Mama, chupa hii sijui ina nini, naomba tusiitumie." Usijaribu kuitambua kwa pua. Na wewe mwenyewe usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja, kwa sababu mtoto mwenye kiu hatasoma lebo.

Sehemu unayoisafisha ndiyo inayochagua dawa

Mahali pa kuanzia ni sakafu na meza za jiko, kwa sababu kosa la huko halifutiki. Jiwe la marumaru, terazo na chokaa zote zina kalsiamu kaboneti, kitu ambacho asidi inakila. Tone la siki au limau likikaa kwenye marumaru iliyong'arishwa kwa dakika chache, linaacha doa lililofubaa. Watu huliona wakadhani ni uchafu, wakasugua zaidi, wengine wakaongeza siki nyingine. Doa hilo si uchafu. Uso wa jiwe wenyewe umeliwa, na hakuna dawa itakayourudisha. Lazima fundi aje na mashine aung'arishe upya. Ukitaka kuhakikisha, inama utazame sakafu kwa mshazari kuelekea dirishani. Uchafu utauona umekaa juu ya mng'aro; palipoliwa na asidi, mng'aro wenyewe haupo.

Shida ni kwamba vigae vya kauri siku hizi huchapwa mistari ya marumaru hadi macho yanadanganyika. Njia ya kwanza ya kutofautisha ni kutazama mistari: kwenye vigae vya kiwandani, mchoro uleule hujirudia kwenye vigae kadhaa, wakati jiwe halijirudii. Njia ya pili, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ni kudondosha tone moja la siki mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango, na kutazama kwa karibu. Vipovu vidogo vikitokea, ni jiwe la chokaa. Futa mara moja kwa maji. Tone hilo litaacha alama, ndiyo maana linawekwa nyuma ya mlango. Ikiwa huna uhakika na huwezi kupima, ichukulie kuwa ni marumaru: maji ya uvuguvugu, sabuni pole kidogo, kitambaa laini, kisha ikaushe.

Vigae vya kauri vyenyewe ni vigumu, havisumbuliwi na asidi nyepesi wala klorini iliyozimuliwa. Kinachoumia ni saruji ya katikati ya vigae. Ukimwaga dawa ya choo sakafuni kila wiki ili ing'ae, baada ya muda utaona ile mistari inabonyea na kutoa mchanga, kisha maji yanaanza kupenya chini ya vigae. Ukilazimika kutumia asidi nyepesi ukutani au sakafuni, lowesha saruji hiyo kwa maji kwanza. Ikiwa imeshakunywa maji, hainywi asidi nyingi.

Sinki la chuma cha pua haliogopi mafuta wala maji ya moto, ila klorini. Kitambaa kilicholowekwa klorini kikisahauliwa ndani ya sinki usiku kucha, asubuhi utakuta vitone vya kahawia kama vya kutu, na ukipitisha ukucha utahisi vishimo. Dawa ya choo ya asidi hidrokloriki inafanya vibaya zaidi, tena haraka. Kwa sinki na majiko ya chuma hicho, sabuni ya vyombo na sponji inatosha. Sugua kufuata mistari ya chuma, suuza, kausha. Usitumie waya wa kusugulia, kwa sababu vipande vyake hubaki kwenye mikwaruzo na kupata kutu.

Alumini ina adui tofauti. Sufuria, trei na fremu za madirisha za alumini huharibiwa na kostiki soda. Dawa ya oveni ikigusa trei ya alumini, huchemka, hutoa joto na hewa inayowaka moto, na trei inabaki nyeusi yenye mashimo. Hata magadi yakilowekwa muda mrefu kwenye sufuria ya alumini huitia weusi. Sabuni na maji ya moto, na uvumilivu wa kuloweka, ndiyo njia yake.

Mbao zilizopigwa vanishi hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi, kisha kitambaa kikavu. Spiriti na amonia hulainisha vanishi na kuiacha ikinata. Kwa kioo cha kujitazamia, pulizia dawa kwenye kitambaa badala ya kioo; dawa ikitiririka hadi ukingoni huingia nyuma na kula ile rangi ya fedha, na ndipo weusi wa pembeni unapoanzia. Televisheni na kompyuta hazihesabiwi kuwa vioo hata kidogo: kitambaa laini kikavu, au chenye unyevu mdogo wa maji matupu, baada ya kuzima.

Zisizokutana kamwe

Klorini haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji ya baridi. Ukiishika sheria hiyo moja, utakuwa umeepuka sehemu kubwa ya hatari za kabati lile. Lakini ni vizuri ujue sababu, kwa kuwa mtu anayejua sababu hutambua hatari hata ikija kwa sura nyingine.

Klorini na asidi yoyote, iwe dawa ya choo, siki au limau, hutoa hewa ya klorini papo hapo. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia chini, palepale unapoinama kusugua, na pale mtoto mdogo anapotambaa. Inashambulia macho, koo na mapafu.

Klorini na amonia hutoa hewa nyingine iitwayo kloramini, nayo inachoma mapafu vilevile. Amonia iko kwenye baadhi ya dawa za vioo, na pia hutokana na mkojo uliokaa. Ndiyo maana poti ya mtoto, ndoo ya nepi au choo ambacho hakijavutwa huoshwa kwa maji mengi kwanza, kabla klorini haijatiwa.

Klorini na spiriti hutengeneza kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwemo. Usizichanganye kwa nia ya kupata dawa kali ya kuua vijidudu. Haitakuwa kali zaidi, na wewe ndiye utakayeivuta.

Klorini na maji ya moto si mchanganyiko wa sumu kwa maana ileile, lakini joto huivunja klorini, mvuke wake unapanda usoni, na dawa inayobaki ndooni imepungua nguvu. Maji ya bomba yasiyopashwa moto ndiyo yake.

Nje ya klorini kuna jozi mbili za kukumbuka. Siki na haidrojeni peroksaidi zikichanganywa kwenye chupa moja hutengeneza asidi inayounguza macho na pua. Na dawa za kuzibua mabomba hazifuatanishwi: moja inaweza kuwa ya kostiki soda na nyingine ya asidi ya salfa, na zikikutana ndani ya bomba huchemka kwa nguvu na kurusha maji yanayounguza nje ya tundu. Ikiwa dawa ya kwanza haikuzibua, usiongeze ya pili wala usisukume kwa mpira wa kuzibulia. Mwambie mwenye nyumba aite fundi, na fundi naye aambiwe ni dawa gani iko bombani.

Sasa, ni nani anayemimina klorini na asidi kwenye ndoo moja huku akijua? Karibu hakuna. Dawa hizi hukutana kwa mabaki. Burashi ya choo iliyosuguliwa kwenye asidi inarudishwa kwenye kopo lake, ambamo jana mtu alitia klorini. Kitambaa kilichofutia bomba kwa siki kinatupwa kwenye ndoo ya klorini ili kiue harufu. Kidonge kilichowekwa ndani ya tanki la choo kinaendelea kutoa klorini kila maji yanapovutwa, nawe unamimina dawa ya asidi juu yake. Au mtu anamaliza kumwaga ndoo ya klorini kwenye tundu la bafuni, na dakika hiyohiyo asidi inafuata tundu hilo. Mkono wako haukuchanganya kitu, ila burashi, kitambaa, kopo na bomba vimekuchanganyia.

Kisababishi kingine ni ule ukoko wa choo. Msaidizi anaona ukoko wa manjano, anamimina klorini, anasugua, ukoko hautoki kwa sababu klorini haiyeyushi ukoko. Anaona dawa ni dhaifu, anachukua chupa ya pili na kuimimina juu ya ile ya kwanza. Chupa ya pili ni asidi. Choo kinatoa povu, na yeye ameinama juu yake, mlango umefungwa.

Bafu moja, siku mbili

Tuchukue bafu lenye hali hii: choo kina ukoko wa manjano chini ya ukingo na mstari mgumu pale maji yanapokomea, katikati ya vigae vya ukutani kuna ukungu mweusi, bomba la sinki lina utando mweupe wa chumvi. Ukungu unataka klorini. Ukoko na utando vinataka asidi. Yote mawili yamo ndani ya chumba kimoja kidogo, kwa hiyo njia salama ni kuzitenga kwa siku. Siku moja ya klorini, siku nyingine ya asidi, na kati yake maji mengi.

*Siku ya klorini.* Fungua dirisha, acha mlango wazi, vaa glavu na nguo ambayo hutailia ikiingia madoa meupe. Anza na sabuni: osha kuta, sinki na sakafu yote, kisha suuza. Hatua hii si ya urembo. Uchafu na mafuta ya mwili huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye ukungu, kwa hiyo ukiruka sabuni utakuwa unapoteza dawa.

Tayarisha klorini ya sakafu na kuta. Ikiwa lebo inasema asilimia 5, mililita 20 katika lita moja ya maji hukupa dawa ya asilimia 0.1, inayotosha kuua vijidudu sehemu zilizokwisha oshwa. Mililita 20 ni vijiko 4 vya chai vilivyojaa sawasawa. Kwa ndoo ya lita 10 ni mililita 200. Ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, weka karibu mililita 30 kwa lita. Tia maji kwanza, dawa baadaye, ili isikurukie. Kwa ukungu wa katikati ya vigae unaweza kuongeza nguvu hadi sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 10 za maji, katika kikopo kidogo, upake kwa mswaki wa zamani. Usiiweke kwenye chupa ya kupulizia, kwa sababu matone madogo yanayoelea utayavuta ndani.

Acha dawa ikae dakika 10, sehemu ikiwa bado mbichi. Watu wengi hupaka na kufuta palepale, halafu wakalaumu dawa. Wewe toka nje wakati huo, fanya kazi nyingine. Ukirudi, suuza kwa maji mengi kuanzia juu kwenda chini, hasa mabomba na kila kitu cha chuma. Choo kivute kwanza, ndipo utie klorini kidogo ndani ukitaka, uache dakika 10, uvute tena mara mbili. Suuza burashi na kopo lake. Dawa iliyobaki ndooni imwage siku hiyohiyo, ufuatishe maji. Kesho itakuwa imepungua nguvu.

Hapo utaona ukungu umefifia au umetoweka, na ukoko wa choo umekuwa mweupe lakini bado mgumu ukiugusa kwa burashi. Uache. Zamu yake ni kesho.

*Siku ya asidi.* Funua tanki la choo na utazame ndani kama kuna kidonge. Kikiwemo, kitoe kwa glavu, kiweke kwenye mfuko nje ya bafu, uvute maji mara mbili au tatu hadi rangi na harufu yake viishe. Kidonge cha kuning'iniza ukingoni nacho kitoe. Kisha sukuma maji ya bakuli kwa burashi yashuke, kwa sababu asidi iliyozimuliwa na maji mengi haiufikii ukoko ikiwa na nguvu.

Mimina dawa ya choo polepole ukizunguka chini ya ukingo, uso wako ukiwa mbali. Ikae kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, ambao mara nyingi ni dakika 10 hadi 15. Ukisikia mlio mdogo na kuona vipovu juu ya ukoko, dawa inafanya kazi yake. Mlio na vipovu ni kawaida. Harufu inayokaba koo na kutoa machozi si kawaida, nitaieleza punde. Sugua, vuta maji, tazama. Ukoko mnene wa miaka hautoki kwa mara moja, na ni afadhali urudie wiki ijayo kuliko kuongeza chupa nyingine leo.

Bomba la sinki lisipewe dawa ya choo hata tone, kwa sababu itachubua ule mng'ao wake. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kizungushe kwenye bomba, ukiache dakika 15, kisha futa na usuuze. Ikiwa sinki limekaa juu ya marumaru, kinga jiwe kwa taulo iliyokunjwa, au tumia sabuni na mswaki tu hata kama itachukua muda zaidi. Kitambaa cha siki kioshwe peke yake. Mimi hupendelea vitambaa vya rangi mbili, kimoja cha siku ya klorini na kingine cha siku ya asidi, na ndoo zilizoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Mwombe mwenye nyumba vitambaa hivyo. Ni ombi dogo na lina maana.

Ukirudisha chupa kabatini, usizipange pamoja. Klorini ikae kwenye rafu yake au ndani ya beseni lake, asidi kwenye beseni jingine, zote juu ambapo mtoto hafiki, vifuniko vimekazwa. Chupa hupasuka na kuvuja, na zikivuja ndani ya beseni moja zitakutana bila wewe kuwepo.

Zikikutana, fanya hivi

Dalili ya kwanza ni pua. Klorini ya kawaida ina harufu unayoizoea. Hewa ya sumu inakaba: macho yanatoa machozi, koo linawasha, kikohozi kinakuja chenyewe, kifua kinabana. Ukiona hivyo, usimalize kusugua, usivute maji ili "uiondoe", usimimine kitu kingine cha kuipooza. Toka. Ukitoka acha mlango wa bafu wazi ikiwa unaelekea kwenye hewa ya nje, lakini ikiwa unafungukia chumba chenye watu, ufunge na uwatoe watu wote, watoto kwanza. Dirisha ufungue tu kama liko njiani na halikucheleweshi.

Nje, kaa wima, pumua polepole. Dawa ikiwa imekurukia, vua nguo iliyolowa na uoshe ngozi kwa maji mengi yanayotiririka. Jichoni osha kwa maji safi dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, ukifungua kope kwa vidole, na utoe lenzi za macho kama umevaa. Mtu akimeza dawa, asitapishwe, kwa sababu kitu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, apelekwe hospitali.

Usirudi bafuni kwa sababu tu kikohozi kimetulia. Subiri hewa ipite, na ukirudi na bado inakaba, toka tena. Mwenye pumu asirudi kabisa. Mtu mwingine amalize.

Hewa hii pia ina tabia ya kuchelewa. Mtu anaweza kujisikia nafuu mchana, halafu saa kadhaa baadaye pumzi ikawa fupi, kikohozi kikarudi, kifua kikabana. Mapafu yameanza kuvimba, na hilo si la kusubiri kesho. Hata kama ni usiku na unaona haya kuwaamsha wenye nyumba, waamshe. Nenda hospitali na chupa zote mbili, au picha ya lebo zake, na umweleze daktari dawa zipi zilikutana, saa ngapi, na ulikaa ndani kwa muda gani kabla ya kutoka.